Nilivyomuaga Imani kwa barua

Nilipokuwa naacha kazi ya udada kwa kina Imani, mtoto niliyemlea, ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: ondoka alfajiri, akiwa bado amelala. Jirani aliniambia hivyo, bibi yake mtoto aliniambia hivyo, hata dada mwenzangu wa nyumba ya pili, ambaye ameshalea watoto wa familia kadhaa, alisema hivyo hivyo. "Wa miaka mitatu huyo, atalia siku mbili atasahau." Wengine wakasema nimwambie naenda dukani. Nilikataa, na ushauri huo unaniudhi mpaka leo, kwa sababu nimeona matokeo yake. Kuna mtoto mtaani kwetu alifanyiwa hivyo. Mama yake akishika pochi tu, mtoto anang'ang'ania sketi. Hata akitoka uani kuanika nguo, mtoto yuko nyuma yake analia. Dada wa kazi aliyemlea alisema anakwenda dukani na hakuonekana tena, kwa hiyo kwake mtu yeyote anayetoka mlangoni huenda asirudi.

Imani nilimpokea mama yake akiwa bado kwenye likizo ya uzazi, zile siku 84. Nilimwogesha kitovu kikiwa kimedondoka juzi tu. Jino la kwanza nililiona mimi, na hatua za kwanza alizipiga mbele yangu, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo ya bluu. Sasa nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ushonaji Iringa, masomo yanaanza Januari, na nilitaka mtoto huyu ajue nimekwenda wapi na kwa nini.

Notisi nilimpa Mama Imani mapema, ile ya siku 28 ambayo sheria inataka kwa anayelipwa kwa mwezi. Wengi huiona ni ya mwajiri apate muda wa kutafuta mtu mwingine. Mimi nasema ni ya mtoto kwanza. Bila hizo siku, dada mpya anaingia mlango huu wewe unatokea ule, na mtoto hapati hata wiki moja ya kuwaona wote wawili jikoni wakipika uji pamoja. Dada Rehema alikuja nikiwa bado nipo, na hilo lilisaidia kuliko barua yenyewe.

Barua ya kwanza niliiandika kurasa tatu kwenye daftari, kwa mtindo tuliofundishwa shuleni. Ilikuwa na natumaini u mzima wa afya, ilikuwa na maisha ni safari, ilikuwa na machozi yangu pia. Binti wa jirani anayesoma chuo aliipitia akaniambia ni nzuri sana, nisiguse hata neno. Lakini niliona nimjaribie mwenyewe kabla ya kuamini sifa za mtu mzima. Nikamchukua mdoli wake wa sungura, nikamwambia Imani kuwa sungura amemwandikia barua mtoto wa sungura, tusikilize anasema nini. Nikasoma ile ile yangu, nimebadilisha majina tu.

Nilifika kwenye "utabaki moyoni mwangu daima" akanisimamisha. "Ataingiaje moyoni?" Nikasema ni kumkumbuka tu. Akamshika sungura tumboni, akambonyeza bonyeza, akasema hakuna mlango. Nikaendelea. "Mungu akipenda tutaonana tena." Akauliza, "Mungu akikataa?" Sikuwa na jibu. Halafu nikafika kwenye maneno ambayo kila mtu mzima huyaweka kwenye barua ya mtoto: uwe mtoto mzuri, usimsumbue mama. Imani akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alikojoa kitandani?"

Hapo nikafunga daftari. Miezi ile alikuwa bado anakojoa usiku mara moja moja, na alikuwa anaona aibu. Aliposikia "uwe mtoto mzuri" alielewa kwamba sungura ameondoka kwa sababu mtoto wake alikuwa mbaya. Watoto wa umri huo hujiona wao ndio chanzo cha kila kitu nyumbani, mvua ikinyesha na baba akichelewa kazini. Sentensi ya wema kabisa, na kwake ilikuwa hukumu. Nawaambia wanaotaka kuandika barua ya namna hii: isomeni kwa kinywa cha mdoli kwanza. Maswali atakayouliza mtoto ndiyo yatakayowaambia cha kukata na cha kuongeza.

Maswali yake yalikuwa machache. Amekwenda wapi? Ni kwa sababu yangu? Atarudi? Na lile aliloliuliza mara nyingi kuliko yote: nani atapika uji? Watu wazima huliona la mwisho ni la kitoto, lakini ndilo lenye hofu kubwa. Mimi kwake sikuwa jina tu, nilikuwa uji, maji ya kuoga, na mkono unaomkuna mgongo mpaka usingizi umchukue. Barua ikisema nakupenda mara kumi bila kusema nani atamkuna mgongo, haijamwambia kitu.

Nikaandika upya, sentensi fupi, kila moja na jambo moja. Na kwa kuwa yeye hajui kusoma, niliiandika kwa ajili ya kinywa cha mama yake. Kila sentensi niliitamka kwa sauti jikoni, ile iliyonikata pumzi niliigawa. Iko hivi:

"Imani. Hii ni barua ya Dada. Mama anakusomea.
Mimi niko Iringa. Nilipanda basi kubwa. Iringa ni mbali. Nalala kwa mama yangu. Nasoma kushona nguo.
Sikuondoka kwa sababu ya kitu ulichofanya. Ukikojoa kitandani, shuka linafuliwa, basi. Ukimwaga uji, tunafuta, basi.
Asubuhi Dada Rehema anakupikia uji. Anajua hutaki mabonge. Jioni mama anakuogesha. Usiku mama anakukuna mgongo. Nimemwonyesha unavyopenda, polepole, katikati.
Sitarudi kukaa kwenu. Jumapili nitakupigia simu.
Ukitaka kulia, lia. Mama atakubeba.
Ulipokuwa mdogo ulilala kifuani kwangu. Ulitembea kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo ya bluu. Nilikuona. Nilifurahi sana.
Nakupenda, Imani.
Dada."

Sentensi ya "sitarudi kukaa kwenu" ndiyo iliyoleta ubishi. Bibi yake alisema ni kali mno kwa mtoto, niandike nitarudi. Nilimjibu kwa heshima, "Bibi, nikiandika nitarudi, atakaa dirishani." Mtoto ukimwambia utarudi, kila bodaboda ikisimama nje anajua ni wewe. Mama Imani aliniunga mkono, ikabaki.

Na kabla ya kuandika Jumapili nilimwomba ruhusa Mama Imani. Ahadi ya simu si yangu peke yangu, maana simu atakayoishika mtoto ni ya mama yake. Hata maneno "mama anakukuna mgongo" niliyaandika baada ya yeye mwenyewe kuja chumbani nimwonyeshe. Wapo wanaoandika "mimi ni mama yako wa pili". Sikuandika, ingawa moyo wangu ulijaa. Anayebaki kumbeba akilia ni mama yake, na barua inatakiwa impeleke kule.

Barua yenyewe haikuwa ya kumpa habari. Habari nilimpa kwa mdomo, tumekaa kwenye mkeka, karibu wiki moja kabla. Mapema zaidi ya hapo nisingemshauri mtu, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hajui mwezi ujao, kwake kila kilichopita ni jana. Nilimpangia vifuniko vya soda dirishani, kila jioni tunatoa kimoja tunatia kwenye kopo. Kikiisha cha mwisho, Dada anapanda basi. Mwanzoni alivirudisha vyote kwenye mstari nikiwa nafua. Nilimwacha avirudishe, kisha tukavitoa tena pamoja, na nikamwambia basi litakuja hata vifuniko vikirudi. Alilia, nikambeba mgongoni kwa kanga mpaka akatulia, ingawa miguu yake ilikuwa imeshafika mapajani mwangu.

Pembeni ya maandishi nilichora vitu: basi, kikombe cha uji, ndoo ya bluu, simu. Sijui kuchora, lakini ndoo ni ndoo. Michoro hiyo ilimfanya aweze "kusoma" mwenyewe, anaweka kidole kwenye kikombe anasema "Dada Rehema". Nikaipeleka steshenari wakaipiga lamineshani, kama buku mbili hivi. Fanyeni hivyo, karatasi tupu haimalizi siku mikononi mwa mtoto anayekula kwa vidole.

Siku ya kuondoka sikupanda basi la alfajiri. Zamani usingekuwa na namna, lakini tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, mtu anaweza kuchagua. Nilikata tiketi ya mchana, Imani akaamka, akanywa uji aliopikiwa na Dada Rehema, akatoa kifuniko cha mwisho mwenyewe. Alilia getini. Nililia pia, ila sikurudi nyuma kumkumbatia mara ya pili na ya tatu, maana kila ukirudi anaanza upya.

Barua ilisomwa jioni ile ile. Mama Imani aliniambia aliitaka tena na tena, na akiruka sentensi moja kwa uchovu anasahihishwa: "Bado ndoo!" Haikuzuia kilio. Kwa muda alirudia kukojoa usiku hata siku alizokuwa ameshaacha, na mama yake alinipigia akiwa na wasiwasi. Nilimwambia aisome ile ya shuka linafuliwa, basi, na afue shuka bila kusema lolote. Baadaye ikapungua. Lakini kwenye mlango hakumng'ang'ania mtu. Mama akitoka kwenda kazini anamwuliza tu, "Unarudi jioni?" Akijibiwa ndiyo, anaendelea na mdoli wake.

Simu ya Jumapili huwa fupi. Ananionyesha kiatu, ananionyesha sungura, anaondoka. Mwanzo kimya kile kiliniuma, siku hizi nakipokea vizuri, mtoto anayekwenda kucheza ana mtu wa kucheza naye.

Zile kurasa tatu sikuzichana. Nilimpa Mama Imani, ameziweka pamoja na kadi ya kliniki, Imani azisome mwenyewe akifika darasa la nne au la tano.