Oili ya injini: hesabu niliyoipiga kwa kilomita, si kwa galoni

Probox yangu inabeba mizigo kati ya Mbeya na Kyela. Asubuhi naiwasha kwenye baridi ya Uyole, mchana nipo kwenye joto la Kyela, jioni napanda tena milima ya Tukuyu na mzigo nyuma. Kwa kazi ya namna hiyo, swali la oili gani niweke si la kujibu kwa kutazama rafu ya dukani tu.

Bei nilizokuta mjini kwa galoni ya lita 4 zilikuwa hivi: oili ya kawaida, yaani ya madini, shilingi 45,000, semi sinthetiki 70,000, ful sinthetiki 110,000. Injini yangu, 1NZ, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni moja inatosha. Filta na ufundi ni kama 15,000 kila mara, na hiyo hailipiwi kidogo eti kwa sababu umenunua oili ya bei rahisi.

Kwa njia hii yenye vumbi na milima, oili ya kawaida naimwaga kila kilomita 3,000. Semi naipa 5,000. Ful ingeweza kufika 10,000 kwenye barabara laini, lakini mimi naishia 8,000. Ukijumlisha oili, filta na ufundi kisha ukagawanya, kila kilomita 1,000 inakula shilingi 20,000 kwa ya kawaida, 17,000 kwa semi, na kama 15,600 kwa ful. Galoni ya bei ya juu ndiyo ikawa ya gharama ndogo.

Sababu ya tofauti hiyo ya kilomita ni joto. Ukipanda mlima na mzigo, oili ya madini huanza kuungua na kuwa nzito mapema, na sehemu yake nyepesi hupotea kama mvuke. Ndiyo maana kwenye stiki utaona imeshuka hata kama hakuna inapovuja. Ful huvumilia joto hilo muda mrefu zaidi kabla ya kuacha tope. Injini yenye VVT-i hailipendi tope hata kidogo, kwa sababu shinikizo la oili ndilo linalosogeza kamshafti, na linapita kwenye vitundu vyembamba.

Kwa ulinzi, tenganisha mambo mawili ambayo madukani huchanganywa: oili imetengenezwa kwa nini, na uzito wake. Fundi wangu wa Soweto, hapa Mbeya, aliniambia, "Bosi, weka 20W-50, gari la mlimani linataka oili nzito." Nilimjibu kwamba kitabu cha gari kinataja 5W-30. Namba iliyo kabla ya W ni tabia ya oili ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Nikiwa na 20W-50, asubuhi za Juni na Julai injini ilikuwa inagonga tiki-tiki juu, kwenye valvu, kwa sekunde kadhaa hadi oili ifike. Kwa 5W-30 mlio huo unakatika karibu papo hapo, na sekunde hizo za kwanza ndizo chuma husagana na chuma. Tazama pia herufi za API mgongoni mwa galoni: mimi natafuta SN au SP. Ukikuta SF, hicho ni kiwango cha magari ya miaka ya 1980, hata kama rangi ya galoni inavutia.

Ukihamia ful, usishtuke oili ikiwa nyeusi mapema. Mara nyingi inasafisha uchafu wa zamani. Linalopaswa kukushtua ni stiki kunuka petroli au oili kuwa kama maziwa. Hapo mwaga na utafute chanzo, kilomita zozote ziwe zimefika au la.

Hesabu yangu ilikataa kwa shemeji yangu wa Makambako. Noah yake ya zamani inatoa moshi wa bluu na inakula lita moja kila kilomita 1,500. Kuongezea ful ni kama shilingi 27,500 kwa lita, ya kawaida ni kama 11,250. Kwa kila kilomita 1,000, nyongeza peke yake ingemgharimu zaidi ya 18,000 kwa ful, na 7,500 kwa ya kawaida. Oili inayoungua na kutokea kwenye ekzosi haifiki hata hizo kilomita 8,000 unazozilipia. Nikamwambia, "Shemeji, baki na ya kawaida, pima stiki kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare, na pesa ya ful iweke kwenye sili za valvu na ringi." Semi nayo haikumfaa: hakuna kiwango kimoja cha kisheria kinachosema lazima iwe na sinthetiki kiasi gani, hivyo galoni mbili zenye jina hilo zinaweza kutofautiana sana. Mimi naichukua tu pale ful yenye uzito sahihi inapokosekana, na siku hiyo narudi kwenye kilomita 5,000.