Vile vipande vilivyobaki juu ya mkunjo

Leo nimefunga ile ishu iliyonisumbua wiki nzima, naiandika hapa kabla haijapoa kichwani. Swali lenyewe fupi tu. Chukua H(n) = 1 + 1/2 + 1/3 + ... + 1/n, toa logi asilia ya n, alafu thibitisha kwamba n ikikua bila mwisho kinachobaki kinatulia kwenye namba moja. Zote mbili zinaenda infiniti, hiyo ndo inayofanya swali liwe gumu, maana infiniti ukitoa infiniti inaweza kukupa kitu chochote kile.

Nilianza na kalkuleta, kama kawaida yangu. n ikiwa 1 tofauti ni 1, ikiwa 2 ni 0.8069, ikiwa 10 ni 0.6264, ikiwa 100 ni 0.5822, na ikiwa 1000 ni 0.5777. Inashuka, na kila ukienda mbele inashuka taratibu zaidi, kwa hiyo macho yanakwambia imeshatulia. Basi nikaandika uthibitisho wangu wa kwanza, nikahesabu hatua moja ya mfuatano, yaani ukitoka n kwenda n+1 thamani inabadilika kiasi gani, nikapata 1/(n+1) − ln((n+1)/n), nikaonyesha kwamba hiyo inakwenda sifuri, nikahitimisha kwamba mfuatano una kikomo. Nikalala nikiwa nimeridhika kabisa.

Kesho yake nikamwonyesha rafiki yangu tunayesoma naye. Akasoma mpaka chini, akauliza swali moja tu, "sasa H(n) yenyewe hatua zake si zinakwenda sifuri pia?"

Nilikaa kimya. Ni kweli, hatua za H(n) ni 1/(n+1), zinapungua mpaka sifuri, na bado H(n) haitulii popote. Ukichukua 1/3 + 1/4 umevuka nusu, kuanzia 1/5 mpaka 1/8 umevuka nusu nyingine, kuanzia 1/9 mpaka 1/16 nusu nyingine tena, na nusu hizo haziishi. Yaani mfano unaovunja hoja yangu ulikuwa umekaa ndani ya swali lenyewe siku zote na mimi nikaupita. Hatua kuwa ndogo haitoshi, lazima ujue kwamba hatua zote zikijumlishwa pamoja hazivuki mahali fulani, na hapo ndo kazi yote ilipo.

Nikaacha aljebra nikachora. Grafu ya y = 1/x kuanzia x = 1, na juu yake mistatili yenye upana wa 1, wa kwanza unasimama kati ya 1 na 2 ukiwa na urefu 1, wa pili kati ya 2 na 3 una urefu 1/2, unaofuata 1/3, hivyo hivyo mpaka wa n. Eneo la mistatili yote kwa pamoja ni H(n). Eneo lililo chini ya mkunjo kuanzia 1 mpaka n+1 ni ln(n+1). Kila mstatili unauzidi mkunjo kidogo pale juu, kuna kipande kinabaki, kinafanana na pembetatu ila upande wake wa chini umevimba kwa nje. Cha kwanza kina eneo 1 − ln 2, karibu 0.3069. Cha pili ni 1/2 − ln(3/2), karibu 0.0945. Ukivijumlisha vyote n unapata H(n) − ln(n+1), hakuna zaidi wala pungufu.

Sasa vile vipande, kila kimoja kina upana wa 1 na kila kimoja kina ghorofa yake. Cha kwanza kinakaa kati ya urefu 1/2 na 1, cha pili kati ya 1/3 na 1/2, cha tatu kati ya 1/4 na 1/3. Hakuna viwili vinavyogombania ghorofa moja! Kwa hiyo visukume vyote kushoto mpaka viingie ndani ya mstatili wa kwanza, vitapangana kimoja chini ya kingine bila kupandana hata kidogo, na ule mstatili una eneo 1 tu. Nilipoona hivyo niliweka kalamu chini nikauangalia tu mchoro kwa muda. Jumla ya vipande inapanda kila ukiongeza kimoja maana kila kimoja ni chanya, na haiwezi kamwe kuvuka 1, na mfuatano unaopanda huku una dari lazima uwe na kikomo. Imekwisha hapo.

Imebaki kurudi kwenye swali lenyewe, ambalo lina ln n badala ya ln(n+1). Tofauti ya hizo mbili ni ln(1 + 1/n), inakwenda sifuri, basi H(n) − ln n inafika kwenye kikomo kile kile. H(n) − ln(n+1) inakuja kutoka chini na H(n) − ln n kutoka juu, maana ln((n+1)/n) ni kubwa kuliko 1/(n+1) (mkunjo kati ya n na n+1 uko juu ya urefu 1/(n+1)), kwa hiyo H(n) − ln n inashuka kweli kama kalkuleta ilivyosema.

Mchoro ule ule unakupa na kitu kingine bila jasho. Kila ghorofa ikate kwa mstari ulionyooka toka kona ya juu kushoto mpaka kona ya chini kulia. Mkunjo unapita chini ya mstari huo, kwa hiyo kipande chetu kinachukua zaidi ya nusu ya ghorofa yake. Angalia cha pili, ghorofa yake ina eneo 1/6, nusu yake ni 0.0833, na kipande ni 0.0945. Ghorofa zote kwa pamoja zinajaza 1, basi kikomo kiko kati ya nusu na 1, na umejua hilo bila kupiga hesabu ndefu yoyote.

Namba yenyewe huandikwa γ, na inaanza 0.57721566. Euler aliishughulikia mwaka 1734, na mwaka 1790 Mascheroni akatoa tarakimu 32 za desimali, ila 19 za kwanza ndo zilikuwa sahihi. Namwelewa kabisa, maana kuikamata kwa kujumlisha tu ni kazi ya kuchosha. Kwa n = 10 upande wa chini unakupa 0.5311 na wa juu 0.6264, pengo la karibu 0.095, na pengo hilo linapungua kama 1/n tu, kwa hiyo ukitaka tarakimu sita hivi unahitaji kujumlisha sehemu milioni.

Ila usiku huu nimejaribu kitu, badala ya ln 10 au ln 11 nikaweka ln 10.5, katikati. Nikapata 0.57759. Kwa sehemu kumi tu! Kosa ni chini ya 0.0004, na nilipojaribu n = 20 na ln 20.5 kosa likashuka karibu mara nne, yaani linapungua kama 1/n² sio 1/n. Nadhani sababu iko kwenye vile vipande vilivyovimba, kwamba mstatili ukiuweka katikati yake juu ya n, unachozidisha upande mmoja unakaribia kukirudisha upande wa pili. Nimeshachora mstatili mmoja kati ya 9.5 na 10.5, kesho naanzia hapo.