Jedwali la makadirio ya wiki: nafuta matokeo ya juzi

Juzi niliandika hapa kwamba ulainishaji wa kipeo wenye alfa 0.2 umenipa wastani wa makosa wa katoni 7.84. Namba hiyo haifai kulinganishwa na ya wastani unaosogea, na leo nimeona kwa nini.

Mahitaji ya wiki 8 ni haya: 50, 54, 46, 50, 63, 67, 65, 66. Wastani unaosogea wa wiki 3 hutoa kadirio la kwanza wiki ya 4, kwani husubiri namba tatu zitimie. Ulainishaji nauanzisha kwa namba ya wiki ya 1, kwa hiyo wiki ya 2 tayari una kadirio. Baada ya hapo hujirekebisha hivi:

```
kadirio_jipya = kadirio + alfa * (halisi - kadirio)
```

Basi mmoja nilikuwa naupima kwa wiki 7 na mwingine kwa wiki 5. Na zile mbili za ziada zilikuwa tulivu, makosa yake 4 na 4.8 tu, ndizo zilizoushusha wastani. Nilipozitoa, 7.84 ikapanda hadi 9.21.

Wastani unaosogea, kwa wiki hizohizo 5, ulikadiria 50, 50, 53, 60 na 65. Ukiondoa alama ya kutoa, makosa ni 0, 13, 14, 5 na 1. Jumla 33, gawanya kwa 5, unapata 6.6. Kumbe ndio ulioongoza.

Nikajaribu alfa 0.5: 6.26. Kukaribiana huko si bahati. Alfa inayolingana na wastani wa wiki n ni 2/(n+1), na kwa n = 3 inatoka 0.5. Njia zote mbili zinatumia data yenye umri uleule kwa wastani, ila ulainishaji huipa wiki ya karibuni uzito zaidi, ndiyo maana uliwahi kidogo mahitaji yaliporuka kutoka 50 hadi 63.

Sitaishikilia 0.5 moja kwa moja, hata hivyo. Katika wiki ya 2 hadi ya 4, kabla ya mruko, wastani wa makosa yake ulikuwa 3.67, na wa alfa 0.2 ulikuwa 2.99. Mahitaji yakitulia, alfa kubwa hukimbiza kila mtikisiko.

Kilichonishughulisha zaidi ni alama zenyewe. Kuanzia wiki ya 5, mahitaji halisi yamezidi kadirio kila wiki, kwa njia zote tatu. Wastani wa makosa huficha jambo hilo, kwa sababu kukadiria chini na kukadiria juu kwake ni sawa. Nimeongeza safu inayojumlisha makosa pamoja na alama zake, kisha kuigawa kwa wastani wa makosa. Ikipita 4, au ikishuka chini ya −4, kiini cha jedwali kinageuka chekundu. Leo vyote vitatu vinasoma 5.