Tano na saba

Jana binti yangu kaniuliza, "Baba, nikihesabu atomi zikawa sawa pande zote, si nimeshabalansi mlinganyo wa kemia?" Nikataka kusema ndiyo, neno likanikwama, nikayakumbuka yale madaftari mawili.

Ndo kwanza nilikuwa naanza kufundisha kemia. Nasahihisha homuweki usiku, rundo zima, na njia yangu ni moja tu: nahesabu atomi kushoto, nahesabu kulia, zikilingana napiga tiki nafungua daftari lingine. Asubuhi moja wanafunzi wawili wakaja mezani kwangu, wakayaweka madaftari yao yakiwa wazi. Swali moja, permanganeti na peroksaidi ndani ya asidi, majibu mawili:

```
2KMnO4 + 5H2O2 + 3H2SO4 → K2SO4 + 2MnSO4 + 8H2O + 5O2
2KMnO4 + 7H2O2 + 3H2SO4 → K2SO4 + 2MnSO4 + 10H2O + 6O2
```

Yote yana tiki yangu nyekundu. "Mwalimu, nani kapata?"

Nikahesabu upya palepale. La kwanza oksijeni 30 kwa 30, haidrojeni 16 kwa 16. La pili oksijeni 34 kwa 34, haidrojeni 20 kwa 20. Kidole changu kikabaki juu ya ile 7, nao wamesimama wananisubiri, na mimi sijui niseme nini maana kwa hesabu ya atomi hakuna aliyekosea.

Kilichonitoa ni elektroni. Manganizi inashuka kutoka +7 hadi +2, kwa hiyo kila permanganeti inapokea elektroni 5, mbili zinapokea 10. Kila peroksaidi inayogeuka kuwa oksijeni inatoa 2, basi zinatakiwa 5, basi. Zile mbili za ziada zimetoka wapi? Nikaandika pembeni `2H2O2 → 2H2O + O2` na hapo ndo nikaona: ni peroksaidi inayojivunja yenyewe, mlinganyo kamili unaojitegemea, umechomekwa ndani ya mwingine. Ukiuongeza mara moja au mara kumi atomi zitalingana tu, ndo maana kuhesabu hakuwezi kuukamata. Lakini mtu akiichukua ile 7 akafanyie hesabu za titresheni, atapata peroksaidi nyingi kuliko iliyopo kwa asilimia 40.

Nikafuta tiki. Mwenye 7 hakubisha, akasema taratibu, "Lakini nimehesabu kama ulivyotufundisha, mwalimu." Kweli kabisa. Na madaftari ya darasa lingine nilikuwa nimeshayarudisha, swali hilohilo, sijui mangapi yalikuwa na tiki ya namna ile.

Binti yangu hajafika kwenye elektroni, milinganyo yake ni ya kuunguza methani na vitu kama hivyo, pale kuhesabu atomi kunatosha. Nikamwambia ndiyo, umebalansi. Ila nilichelewa kujibu, akaniangalia, akaanza kuhesabu upya.