Funguo za rekodi kwa maghala mawili yasiyo na mtandao: vitalu vya namba au vitambulisho vya nasibu?

Chama chetu cha msingi kinapokea korosho katika maghala mawili, moja Newala mjini na jingine Kitangari, na kila ghala lina kompyuta yake yenye hifadhidata ya SQLite. Wakati wa msimu mtandao hautegemeki, hivyo kila upande huandikisha mizigo peke yake, na mwisho wa wiki rekodi huletwa Newala kwa flashi, zikaunganishwa, kisha Kitangari ikarudishiwa nakala kamili. Kazi niliyopewa ilikuwa kuhakikisha kwamba mizigo miwili ya wakulima wawili haipati kamwe ufunguo mmoja.

Nilianza na vitalu vya namba, kwa sababu ndiyo njia nyepesi kueleweka: Newala itumie 1 hadi 1,000,000, na Kitangari ianzie 1,000,001. Kabla ya msimu kufunguliwa niliijaribu kwa data za mfano. Mzunguko wa kwanza wa kuunganisha ulikwenda vizuri, lakini mara baada ya hapo mzigo mpya wa Newala, ambao ulipaswa kupata 413, ulipewa 1000288. Sababu ni kwamba SQLite, inapojipangia namba yenyewe, huchukua namba kubwa kuliko zote zilizomo kwenye jedwali na kuongeza moja, bila kujali kwamba namba hiyo kubwa imetoka tawi jingine. Kitangari nako namba iliyokuwa ikifuata ilikuwa hiyohiyo 1000288. Kama mtu anaunganisha kwa `INSERT OR REPLACE`, mzigo mmoja unafutwa na mwingine bila onyo lolote, na mkulima anabaki na stakabadhi ya korosho ambazo hazimo kwenye hesabu.

Kasoro hiyo inatibika, mradi kila tawi litafute namba ndani ya kitalu chake pekee:

```sql
INSERT INTO mzigo (id, mkulima, kilo)
SELECT COALESCE(MAX(id), 0) + 1, ?, ?
FROM mzigo WHERE id BETWEEN 1 AND 1000000;
```

Kilichonifanya niviache vitalu kama ufunguo ni jambo jingine, nalo ni nakala rudufu. Tuseme kompyuta ya Kitangari imeharibika Jumatatu na tunairejesha kwa nakala ya Alhamisi, ilhali rekodi za Ijumaa zimekwisha kufika Newala kwa flashi ya mwisho wa wiki. Kompyuta iliyorejeshwa haina kumbukumbu ya Ijumaa, kwa hiyo itaanza kutoa upya namba zilezile kwa wakulima wengine, na kila namba itakuwa halali kabisa ndani ya kitalu chake. Hakuna sharti la hifadhidata litakalogundua hitilafu hiyo ndani ya kompyuta ya Kitangari.

Kitambulisho cha nasibu hakina udhaifu huo, kwa kuwa hakitegemei kumbukumbu ya namba iliyotangulia. Kitambulisho cha aina hiyo, UUID ya toleo la 4, kina biti 128, na kati ya hizo 122 ni za nasibu. Ili uwezekano wa kugongana ufikie nusu kwa nusu, ingebidi uzalishe vitambulisho zaidi ya trilioni moja mara milioni mbili. Sharti ni kwamba unasibu utoke kwenye mfumo endeshi wenyewe, kama inavyofanya `uuid.uuid4()` ya Python. Kinachukua baiti 16, au herufi 36 kikihifadhiwa kama maandishi, jambo ambalo kwa mizigo ya chama kimoja halina uzito.

Uzito uko kwa watu. Nilipomwonyesha mama anayepima Kitangari rekodi yenye `3f8a61c2-9d04-4b7e-a5c1-70e2d96b18fa`, aliniuliza, "Sasa mwanangu, mkulima akipiga simu kuulizia mzigo wake, atanisomea yote haya?" Hoja yake ilikuwa ya haki, nami niliifuata.

Hivyo tukatenganisha kazi mbili. Ufunguo msingi ni UUID, nao hauchapishwi popote. Malipo na magunia yote yanarejea kwake. Stakabadhi inabeba namba fupi yenye herufi ya tawi, kama K-0288. Namba fupi ikijirudia baada ya kompyuta kurejeshwa, rekodi zote mbili zinaingia salama, kwa kuwa funguo zao ni tofauti, na mgongano unaonekana kwa hoja moja tunayoiendesha kila baada ya kuunganisha:

```sql
SELECT namba, COUNT(*) FROM mzigo
GROUP BY namba HAVING COUNT(*) > 1;
```

Kwa sababu hiyo sikuweka `UNIQUE` kwenye namba fupi, maana ingezuia rekodi halali kupokelewa. Yakitokea majibu, katibu anachukua vitabu vya stakabadhi, analinganisha kilo na tarehe, kisha mzigo ulioandikwa baadaye unapewa namba mpya na mkulima anabadilishiwa karatasi. Jambo ambalo UUID haligusi ni mkulima yuleyule kuandikishwa katika maghala yote mawili: hapo anapata funguo mbili zisizogongana, na tunamtambua kwa namba yake ya uanachama tu.