Kumbukumbu ya cherehani: uzi mwekundu juu, wa bluu chini

Mnachokiona pichani si nguo. Ni kipande cha pamba nyeupe kilichokunjwa mara mbili, na juu yake kuna mistari minne ya mshono. Bado najifunza kushona, na kabla ya kukata kitambaa cha maana nilitaka kwanza kuuelewa mkazo wa uzi. Uzi wa juu nimeweka mwekundu, wa kwenye bobini wa bluu. Ukitumia rangi moja huwezi kuona ni uzi upi unaouvuta mwenzake. Nyuzi zote mbili ni za aina moja na unene mmoja, sindano ni namba 90, na urefu wa mshono ni milimita 2.5 kwa mistari yote. Kilichobadilika ni mkazo wa uzi wa juu tu, isipokuwa kwenye mstari wa nne, ambao nitaueleza.

Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokamatana. Sindano inashuka na uzi wa juu, ndoana inayozunguka chini inaudaka na kuupitisha kuizunguka bobini, halafu uzi unavutwa kurudi juu. Pale nyuzi zinapokamatana ndipo pa kuangalia. Mkazo ukiwa sawa, pale pamezama katikati ya matabaka mawili ya kitambaa: juu unaona nyekundu tu, chini bluu tu.

Mstari wa kwanza kushoto nilishona mkazo ukiwa namba 1. Juu unapendeza, lakini nimekunja kona ya kitambaa ili muone upande wa chini: uzi wa bluu umelala umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na mwekundu umeuzunguka kwa vitanzi vidogo. Ukiushika huo wa bluu kwa kucha na kuuvuta, unachomoka wote. Mstari wa pili ni namba 8. Hapo mambo yamegeuka, nukta za bluu zimejitokeza juu na kitambaa kimejikunja mikunjo midogo kandokando ya mshono. Wa tatu ni namba 4, na huo uko sawa pande zote. (Namba 4 ni ya cherehani hii. Nyingine inaweza kukaa sawa kwenye 3 au 5, kwa hiyo msiichukue kama sheria.)

Mstari wa nne ndio ulionifanya nipige picha. Nao ni namba 4, sindano ileile, uzi uleule. Lakini tazama chini yake: msongamano wa uzi mwekundu, kama kiota. Tofauti ni moja tu. Safari hii nilipitisha uzi wa juu huku mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa, nione kitakachotokea. Mkazo hutokana na visahani viwili vidogo vinavyoubana uzi. Mguu ukiwa juu, visahani vinaachana na uzi unaingia katikati yake. Mguu ukiwa chini vimeshabanana, kwa hiyo uzi unapita pembeni bila kushikwa na chochote. Hapo hata ukizungusha namba hadi mwisho hubadilishi kitu.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba uchafu unaonekana chini, basi mtu anailaumu bobini na kukimbilia bisibisi. Kumbe uzi uliojaa kule ni wa juu, na rangi inakuonyesha wazi. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha kabla uzi haujaingia kwenye tundu la sindano: inua mguu, vuta uzi, utateleza bila shida. Shusha mguu, vuta tena. Sasa unatakiwa kukataa kiasi cha kuuhisi vidoleni. Usipokataa, haujakaa kwenye visahani. Utoe wote, inua mguu, pitisha upya.

Ile skrubu ndogo ya kwenye kikopo cha bobini sijaigusa. Kwa kikopo cha kutoa, kipimo ni kukining'iniza kwa uzi wake: kinatakiwa kubaki hewani, na ukitikisa mkono kidogo kishuke kidogo kisha kisimame. Kikiporomoka chenyewe, uzi umelegea. Kisiposhuka kabisa, umebana mno. Changu kilishuka na kusimama, basi nimekiacha kama kilivyo. Siku nikilazimika kuizungusha nitaweka alama ya kalamu kwanza, na sitazidi robo ya mzunguko kwa mara moja.

Mstari wa kalamu mnaouona pembeni, usio na mshono, unasubiri kitambaa chepesi kitakachobandikwa hapo na kushonwa kwa sindano namba 70. Nadhani namba 4 itakivuta kikunjane, kwa hiyo nitaanzia 3 na kukagua upande wa chini kabla ya kuendelea.