Mswaki uliolowa: nilivyoondoa damu kwenye hadithi yangu ili itishe

Rasimu ya kwanza ya hadithi yangu ilikuwa na kurasa tisa. Inamhusu Rehema, msichana aliyefiwa na mama mwezi mmoja uliopita, na sasa anaishi na baba yake na mdogo wake Juma. Ukurasa wa sita mama alitoka bafuni. Nilimweleza kwa bidii zote: ngozi inayoachia mfupa, funza kwenye jicho, damu nyeusi ikidondoka sakafuni. Nilipomaliza niliona nimeweza.

Nikampa dada yangu aisome. Ni msomaji mkali, hana tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliniambia kurasa za mwanzo zilimtia wasiwasi kidogo. "Halafu mama akatoka bafuni," akasema, "nikapumua."

Neno hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Mahali nilipokusudia msomaji ashike roho ndipo alipoiachia. Nilipolitafakari nikamwelewa. Kabla mlango haujafunguliwa, msomaji ana maswali yasiyo na idadi kuhusu kilichomo ndani. Ukishafunguliwa, maswali yote yanageuka jibu moja, na jibu hata liwe baya vipi lina umbo na lina mpaka. Maiti inayotembea ni kitu ambacho msomaji amekwisha kutana nacho mara nyingi. Inamletea kinyaa, na kinyaa hupita upesi. Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kutisha, aliigusa tofauti hii katika makala iliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake. Alisema hofu ya jambo lisiloonekana sawasawa huipanua nafsi na kuziamsha hisia, ilhali kitisho kinachowekwa wazi mbele ya macho huzifinya na kuzigandisha. Nilikuwa nimeandika kurasa tano za kuamsha na nne za kugandisha.

Nikafuta kila kitu kuanzia ukurasa wa sita. Nikabaki na bafu tupu.

Nilianza upya kwa kuorodhesha vitu vya kawaida vilivyomo bafuni, kisha nikatafuta kimoja tu chenye sifa tatu: kitumike kila siku, kitumiwe na kila mtu wa nyumba, na kibaki na alama inayoonyesha nani amekitumia. Sabuni ilishindwa sharti la tatu, na kioo pia. Vilivyobaki ni bilauri yenye miswaki minne na dawa ya meno. Mswaki uliotumika unalowa. Dawa ya meno inaonyesha mkono ulioiminya.

Kosa la kwanza ambalo ningeweza kulifanya hapo ni kuulowesha mswaki wa marehemu mapema mno. Jambo haliwezi kwenda kombo mbele ya msomaji asiyejua mwendo wake wa siku zote. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza niliutumia kumfundisha desturi za nyumba hiyo, bila yeye kuhisi anafundishwa. Rehema anakumbuka jinsi wazazi wake walivyokuwa wakibishana juu ya dawa ya meno. Baba huikunja kutoka chini, kwa unadhifu, kama mtu anayekunja mkeka. Mama alikuwa akiiminya katikati, na kila asubuhi baba alinung'unika huku akiinyoosha. Ni kumbukumbu ya mapenzi, inachekesha kidogo, na msomaji anaipokea kama sifa za wahusika tu. Mswaki wa kijani wa mama bado umo ndani ya bilauri kwa sababu hakuna aliyethubutu kuutupa. Hilo nalo linasomeka kama majonzi.

Baada ya hapo ndipo nikaugusa. Nilipoijaribu mara ya kwanza aya hiyo ilikuwa hivi:

"Ghafla Rehema alitazama bilauri na moyo ukampasuka. Mswaki wa marehemu mama yake ulikuwa umelowa! Baridi ya ajabu ikampanda mgongoni."

Sasa iko hivi:

"Juma alikuwa amechelewa tena. Nilimtafutia soksi, nikamfunga vifungo vya shati, nikarudi bafuni kuzima taa. Mswaki wa kijani ulikuwa umelowa. Nilimwambia Juma kila mtu na mswaki wake, akasema sawa dada, na tukatoka."

Habari yenyewe haikubadilika. Nilichobadilisha ni mahali inapokaa. Katika aya ya mwanzo mswaki umesimama peke yake, umezungukwa na maneno yanayomwamuru msomaji aogope. Katika mpya umepachikwa katikati ya shughuli za asubuhi, na Rehema anaupatia maelezo papo hapo. Msomaji anapita, ila hapiti na mikono mitupu. Nilipohesabu neno "ghafla" katika rasimu ya kwanza nililikuta mara kumi na moja. Katika ya mwisho halimo hata mara moja.

Kuanzia hapo kazi ni kuyaondoa maelezo moja baada ya jingine, bila mtu yeyote ndani ya hadithi kutangaza kwamba yameondoka. Juma anakwenda kulala kwa shangazi siku kadhaa. Asubuhi ya pili mswaki wa kijani umelowa. Sikuandika "lakini Juma hakuwepo". Msomaji anajua Juma yuko wapi, kwani nilimwambia nusu ukurasa nyuma, katika sentensi iliyohusu begi lake. Akijiunganishia mwenyewe, hofu ni mali yake. Nikimuunganishia mimi, inakuwa taarifa tu.

Hapo nikakwama. Msomaji wangu wa pili aliuliza, "Huyu Rehema ni mjinga? Mbona haoni?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeificha habari kwa kumfumba macho mhusika, na msomaji akimdharau mhusika hawezi kumwogopea. Nilijaribu kumfanya Rehema awaze juu ya jambo hilo, aya ikarudi kuwa kelele. Dawa niliipata baada ya siku kadhaa, nayo ni sentensi moja:

"Niliufuta mswaki wa kijani kwa taulo mpaka ukakauka, nikaurudisha kwenye bilauri kabla baba hajaamka."

Hajasema anaogopa, wala hajasema anajua. Lakini mtu asiyejua hana sababu ya kuukausha. Siri haijafunguliwa, na Rehema si mjinga tena; ni mtu anayekataa kuangalia. Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kuzuia jambo nawaza kwanza mikono ya mhusika itafanya nini.

Kuna aina ya kuficha ambayo nadhani ni udanganyifu, nami niliifanya. Rehema ndiye aliyemkuta mama yake amefariki, na jambo hilo nililitunza hadi ukurasa wa mwisho nikidhani ni mshtuko mzuri. Rehema ndiye msimulizi. Alilijua tangu neno la kwanza na asingeweza kuingia bafu lile bila kulikumbuka. Kumficha msomaji kile ambacho msimulizi anakijua na anakiwaza ni kumchezea, na msomaji akigundua anarudi nyuma na kuacha kuamini hata yale ya kweli. Nililipeleka ukurasa wa kwanza, sentensi fupi: "Mimi ndiye niliyemkuta." Hadithi haikupungua uzito, iliongezeka. Kinachobaki kimefichwa sasa ni kile ambacho Rehema mwenyewe hana namna ya kukijua.

Mimi, hata hivyo, lazima nikijue. Hili nilijifunza kwa hasara. Kwa muda nilikuwa nikirundika ishara: saa inasimama, mlango unajifungua, harufu ya marashi, nyayo za maji kwenye korido. Kila moja ilitisha kivyake na zote kwa pamoja hazikutisha, kwa kuwa kila moja iliashiria kitu tofauti. Msomaji anahisi mara moja kama nyuma ya pazia kuna mtu au kuna upepo tu. Nikachukua karatasi ya pembeni nikaandika sentensi tano ambazo hazitaingia kamwe kwenye hadithi: ni nini kinachokuja, kinakuja saa ngapi, kinafanya nini, kinakumbuka nini, na kinasahau nini. Nikaamua kwamba kinachokuja kinarudia tendo la mwisho alilolifanya mama kabla ya kulala, na kwamba kila usiku kinasahau kidogo zaidi kilikuwa nani.

Sentensi ya tano ndiyo iliyonifanyia kazi yote. Saa, mlango, marashi na nyayo vilitoka, maana havikuwa sehemu ya tendo hilo. Na mwisho ukajitokeza wenyewe: kitu kinachosahau kilikuwa nani hakitajua tena mswaki upi ni wake. Kwanza dawa ya meno inaanza kuonekana imeminywa katikati, na baba anainyoosha asubuhi bila kunung'unika. Hilo la kutonung'unika ndilo ninalolipenda kuliko yote. Halafu siku moja mswaki wa kijani ni mkavu. Rehema anashusha pumzi, na hapo ndipo msomaji anapaswa kuanza kuihesabu miswaki iliyobaki.

Rasimu mpya niliwapa watu wanne. Sikuwauliza kama imewatisha, maana watu wana adabu na watasema ndiyo. Niliwaomba waweke alama ya penseli pale walipohisi kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu hakiko sawa, kisha wanisimulie kwa maneno yao kilichotokea. Wawili waliweka alama kwenye asubuhi ya pili Juma akiwa kwa shangazi, mmoja kwenye taulo, mmoja kwenye mswaki mkavu. Alama zimetawanyika lakini zote zimo ndani ya kurasa tatu, na zote ziko kwenye vitu. Masimulizi yao nayo yalikubaliana juu ya matukio, wakatofautiana juu ya sababu: mmoja aliamini kwamba ni baba anayetumia mswaki wa mkewe kwa uchungu. Maandishi yanamruhusu karibu hadi mwisho, na kwa kweli ni wazo linaloumiza, kwa hiyo sikulizuia. Lau wangetofautiana juu ya matukio yenyewe, nani yuko wapi na usiku upi, ningejua nimezuia kupita kiasi na kilichobaki ni ukungu tu.

Mwisho wa zamani ulikuwa na uso kwenye kioo, nyuma ya bega la Rehema. Nimeufuta pamoja na aya mbili zilizoutangulia. Sasa hadithi inaishia hapa, asubuhi, baba ameshatoka na Juma bado kwa shangazi:

"Nilikuwa nimeshauweka mswaki wangu mdomoni nilipogundua kwamba tayari ulikuwa umelowa."

Neno "tayari" nimelifuta na kulirudisha mara tatu. Bila hilo sentensi inakwenda vizuri zaidi, ila msomaji anaweza kudhani Rehema ndiye aliyeulowesha kwenye bomba. Nimeliacha.